Suruali mbili za skrabu zenye saizi moja: kwa nini moja hushuka kiunoni

Ndugu watazamaji, mbele yenu nimeweka suruali mbili za skrabu, yaani sare ya kazi ya wahudumu wa hospitali, moja ya kijani na nyingine ya buluu. Zote zimeandikwa M, na zote zina mguu wa ndani wenye urefu wa sentimita 76. Ukisoma lebo peke yake utadhani zitakaa mwilini kwa namna ileile, lakini katika zamu ya saa 12 moja itamwacha mvaaji afanye kazi yake, na nyingine itamlazimisha aipandishe kila anapoinuka kutoka kitandani kwa mgonjwa. Sababu yake haikuandikwa kwenye lebo, kwa hiyo tuitafute kwa futi ya fundi.

Ninailaza ya kijani mezani na kupima kuanzia pale mishono inapokutana katikati ya miguu hadi ukingo wa juu wa kiuno. Kwa mbele ninapata sentimita 26, na kwa nyuma 35. Ya buluu ina 30 mbele na 41 nyuma. Zile sentimita sita za nyuma ndizo zinazoamua mambo, kwa sababu mtu anapochuchumaa au kuinama, umbali kutoka kiunoni kupitia makalio huongezeka, na kitambaa cha kufunika ongezeko hilo lazima kitoke mahali fulani. Vitambaa vya suruali hizi havina nyuzi za kunyumbulika, hivyo ya kijani haina pa kukitoa ila kiunoni, nacho kiuno hushuka.

Unapoijaribu suruali, chuchumaa mpaka chini, kaa kitini, kisha simama bila kuigusa. Ikiwa kiuno kimeshuka nyuma na hakikurudi, sehemu ya nyuma ni fupi kwako. Angalia pia kama kuna mikunjo iliyokaza inayotoka katikati ya miguu kuelekea mapajani, maana hapo ndipo mshono utakapoachia kwanza.

Wengi wakiona hivyo huchukua L, nami sishauri kukimbilia huko. Saizi kubwa huongeza zaidi upana wa kiuno na nyonga, na huenda ikaongeza kimo cha nyuma kidogo tu, kisha kitambaa kilichozidi hukusanywa na kamba na kuwa mafundo yanayobana ngozi siku nzima. Tena, kwa watengenezaji wengi mguu wa ndani haurefuki unapotoka M kwenda L. Urefu huo huchaguliwa kando, yaani fupi, kawaida au ndefu.

Tuje kwenye urefu wenyewe. Mwenzangu aliyezivaa leo amevaa viatu vyake vya kazi, na kutoka katikati ya miguu yake hadi sakafuni ni sentimita 79. Pindo linapaswa kuishia sentimita mbili hadi tatu juu ya sakafu upande wa kisigino, kwa kuwa pindo linaloburutwa hufyonza kila kilichomwagika, na mvaaji anaweza kulikanyaga anaporudi nyuma. Kwa hesabu hiyo 76 inamtosha leo. Hata hivyo, ya kijani ni pamba tupu, na ikisinyaa kwa asilimia nne tu baada ya kufuliwa kwa maji ya moto, itabaki na 73. Ya buluu ina poliesta asilimia 65 na pamba 35, kwa hiyo kusinyaa kwake ni kudogo kuliko kwa ile ya kijani. Kwa vyovyote, ifue na kuikausha kama utakavyofanya siku zote kabla hujampa fundi akate pindo.

Kisha jaza mifuko. Simu, mkasi, tepu na daftari huvuta kiuno chini polepole, hasa kiuno cha lastiki pekee kisicho na kamba, na pindo lililokuwa sawa asubuhi huweza kufika sakafuni jioni. Pima urefu ukiwa na mzigo uleule unaoubeba kazini.

Blauzi nitaigusia kwa ufupi. Inua mikono yote miwili kana kwamba unatundika dripu. Tumbo likiwa wazi, usikimbilie blauzi ndefu zaidi wala pana zaidi, bali tazama kwapa limeanzia wapi. Kwapa lililoshuka mbali na mwili huivuta blauzi nzima juu kila mkono unapoinuka, na saizi kubwa mara nyingi hulishusha zaidi. Fundi anaweza kushona hapo kipande kidogo cha pembe nne, kikaupa mkono nafasi.

Kipande cha namna hiyo kikitiwa katikati ya miguu kwenye suruali ya kijani kitayalegeza mapaja, lakini hakitaongeza kimo cha nyuma cha kutosha. Kwa mwenzangu huyu ningeirudisha ya kijani dukani kabla ya kuifua, na kubaki na ya buluu.