Uzoefu wangu: betri ya ampea-saa 200 na kaunta buku iliyonionyesha inavyokufa

Betri yenyewe ni ya risasi, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, volti 12, ampea-saa 200. Niliinunua Machi 2021 kwenye duka moja la barabara ya Luthuli, Nairobi, fundi akaja kwetu Umoja kuifunga pamoja na inverta. Siku hiyohiyo nikafungua kaunta buku. Naandika kuhusu vyote viwili kwa sababu bila buku ningekuwa na neno moja tu la kuwaambia kuhusu betri hii: imezeeka.

Mwaka wa kwanza buku lilikuwa na safu mbili tu, volti na saa ambazo betri ilitubeba stima ilipopotea. Nikitazama kurasa hizo leo, karibu zote hazinisaidii. Volti nilipima wakati wowote nilipokumbuka, mara chaja ikiwa imetoka kuzima, mara runinga ikiwa inawaka. Betri ya risasi ikitoka kwenye chaji huonyesha volti za juu ambazo hazina nguvu nyuma yake, na hushuka taratibu kwa saa kadhaa. Na saa peke yake? Hata mwaka wa tatu, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipokosa stima, niliandika kwa fahari kwamba betri ilitufikisha asubuhi. Sikuandika kwamba runinga tuliizima mapema na kulala na balbu moja. Saa zisizoandikiwa mzigo haziwezi kulinganishwa na saa nyingine zozote.

Kilichoniokoa ni jaribio ambalo, kwa bahati, nilianza betri ikiwa na mwezi mmoja. Nina balbu mbili za zamani za waya, wati 60 kila moja, ambazo sizitumii kwa kazi nyingine yoyote. Betri ikishajaa naizima chaja jioni, naiacha ipumzike usiku kucha bila mzigo wowote, asubuhi napima volti kwenye tamino na kuandika. Kisha nawasha zile balbu mbili kupitia inverta na kuandika saa. Pamoja na kile ambacho inverta yenyewe inakula, betri hutoa kama ampea 11. Baada ya hapo napima kila nusu saa, na karibu na mwisho kila dakika tano. Volti zikigusa 12.0 balbu zikiwa bado zinawaka, nazima, naandika dakika, na kurudisha chaji papo hapo, maana betri ya risasi ikilala na njaa inaumia.

Nasimamia 12.0 makusudi. Kuiteremsha mpaka inverta ijizime yenyewe kungenipa hesabu kamili ya ujazo, lakini kila jaribio kama hilo linakula maisha ya betri. Kwa hiyo sijui ampea-saa zake zote zilizobaki. Ninachojua ni namna betri hii inavyojilinganisha na ilivyokuwa mpya, na hilo linatosha.

Jaribio nafanya Machi na Septemba. Mwaka 2022 niliongeza moja la Julai, nikapata saa 9 na dakika 10, nikashtuka. Septemba ikanipa 9 na dakika 40. Tofauti ilikuwa baridi: stoo yetu Julai asubuhi ina nyuzi 16, na betri ya risasi hutoa kidogo ikiwa na baridi. Tangu hapo joto la stoo lina safu yake.

Sasa mfuatano wenyewe. Ilipokuwa mpya ilikwenda saa 10 na dakika 20. Machi 2022, saa 9 na dakika 55. Machi 2023, saa 9 kamili. Septemba mwaka huo, 7 na dakika 55. Machi 2024, saa 6 na dakika 40, yaani chini ya theluthi mbili ya mwanzo, wakati desturi ya watu wa betri ni kuhesabu kwamba ikishuka chini ya asilimia 80 imefika uzeeni. Tazameni ule mteremko: miaka miwili polepole, kisha ghafla. Sikuamini kwamba ni umri tu.

Nilimwita fundi. Alizima chaja, akapima baada ya kama dakika kumi, akaniambia, "Mzee, hii betri iko sawa, ona, 12.9." Nikamfungulia buku. Volti za asubuhi baada ya kupumzika zilikuwa 12.85 mwanzoni, na sasa 12.6. Aliutazama ukurasa kwa muda, akasema labda kipimio changu kimechoka. Tukaweka changu na chake pamoja kwenye tamino, vilisoma sawa.

Aliyeona kosa ni binti yangu, ambaye ndiye mwandishi wa kila Jumapili. Januari hiyo tulikuwa tumeongeza safu ya volti wakati chaja inafanya kazi, saa tatu baada ya stima kurudi. Akaniuliza, "Baba, mbona hii namba haijawahi kupita 13.6?" Mistari yake ilikuwa hivi:

4/2 – inachaji 13.5 – nyuzi 25
11/2 – inachaji 13.6 – nyuzi 25
18/2 – inachaji 13.6 – nyuzi 26

Ubavuni mwa betri pameandikwa viwango viwili. Cha 13.6 hadi 13.8 ni cha betri inayokaa tu ikisubiri, ambayo hutumika mara chache na kuwa na siku nyingi za kujaa taratibu. Cha 14.4 hadi 14.7 ni cha betri inayotumika na kuchajiwa mara kwa mara, kama yetu. Chaja ya inverta ilikuwa imewekwa kwenye kiwango cha kwanza tangu siku ya kufungwa. Kila stima ilipopotea kabla betri haijajaa, sehemu ya chumvi ya risasi ilibaki kwenye sahani zake ikigeuka fuwele kubwa na kuwa ngumu, na chumvi ikishakuwa ngumu chaja haiitoi tena.

Fundi alibadilisha swichi, chaja ikaanza kupanda hadi 14.4 kabla ya kushuka. Baada ya wiki tatu jaribio lilitoa saa 7 na dakika 45. Saa moja na dakika tano zilirudi. Zilizobaki hazikurudi. Dhamana ya miaka miwili ilikuwa imeisha zamani, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu safu ile ingekuwapo tangu ukurasa wa kwanza ningelijua kosa ndani ya mwezi. Betri yenyewe siilaumu. Kwa njaa hiyo yote, kufika miaka mitatu ilijitahidi, na ningeinunua tena.

Mwaka jana tuliongeza ya lithiamu, volti 12.8, ampea-saa 100, na buku jipya. Hapa mpango umebadilika. Lithiamu hukaa kwenye 13.2 au 13.1 karibu njia nzima, kisha huanguka mwishoni, hivyo volti za asubuhi hazisemi imebaki kiasi gani. Safu yake kuu sasa ni ampea-saa zilizotoka, zinazohesabiwa na kipimio kilichofungwa kwenye waya hasi. Balbu ni zilezile mbili, na mwisho ni uleule wa 12.0, ingawa kwa lithiamu hapo karibu kila kitu kimeshatoka, kwa hiyo kurasa za betri hizi mbili hatuzilinganishi. Jaribio lake la kwanza: saa 9 na dakika 20, nyuzi 24, chaji ya juu 14.2, mwandishi binti.