Vema na mkasi tu, au na namba?

Kwenye karatasi ya Cluedo, mchezo wa kukisia muuaji, silaha na chumba kwa kuulizana kadi, wengi huweka vema kwa kadi waliyoiona na mkasi kwa ambayo mchezaji hana. Karatasi hubaki safi, ila kadi aliyoonyeshwa mwenzako kwa siri haiachi alama yoyote. Hapo ndipo namba zinaposhinda.

Zamu ya 4, jirani yangu alimwonyesha mwingine kadi moja kati ya kanali, kisu na maktaba. Nikaandika 4 ndogo kwenye visanduku vyote vitatu vya safu yake. Zamu ya 7 akapita kwenye swali lenye kisu, kwa hiyo hana. Maktaba nikaonyeshwa na mtu mwingine. Basi kanali ni wake, na sijaiona!

Tukiwa watatu siandiki namba. Kadi nyingi naziona mwenyewe.