Suruali kuwa sketi ndefu kwenye picha: uzoefu wangu

Picha niliyoijaribia ni yangu mwenyewe. Natembea, mguu wa kushoto umetangulia, nimevaa suruali nyeusi, jua linanipiga ubavuni. Programu ni ya akili mnemba: unapaka brashi pale unapotaka pabadilike, unaeleza unataka nini, nayo inachora upya hapo tu.

Mara ya kwanza nilipaka suruali peke yake, kwa umakini wa fundi anayefuata chaki. Nikapata suruali yenye mikunjo ya sketi! Kosa lilikuwa langu. Uwazi ulio kati ya miguu sikuupaka, na pasipopakwa programu haigusi. Nikarudia, nikapaka pembetatu nzima kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo, nikaongeza nafasi kidogo nyuma ya mguu wa kulia, kwa sababu mtu akitembea pindo huchelewa kumfuata. Kitelezi cha nguvu ya mabadiliko nilikipandisha kutoka 0.5 hadi 0.85, maana kwenye 0.5 mshono wa katikati ulikuwa unarudi kama mzimu.

Sasa sketi ikaja, mwendo ukapotea. Ilining'inia kama kengele, ya mtu aliyesimama foleni, huku mikono yangu ikipunga. Programu ina njia mbili za kushikilia mkao. Ya kwanza hufuata ramani ya kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali; kwangu haikufaa, kwa kuwa ramani hiyo imebeba umbo la suruali na inarudisha mabomba mawili. Ya pili hushika viungo tu: nyonga, magoti, vifundo. Nilitumia hiyo, kisha nikaandika kwamba kitambaa ni chepesi, kimegandamana na paja la mbele, na mikunjo inaanzia goti la kushoto kushuka kuelekea kisigino cha nyuma. Hapo ndipo sketi ilipotembea. Siku hizi nikikagua picha ya namna hii naangalia goti la mbele kwanza: kitambaa kikiwa laini juu yake na kuvutika kutoka hapo, mengine husameheka.

Kivuli, hata hivyo, kilibaki cha miguu miwili. Ilibidi nikipake peke yake.

Kinyume chake, sketi kuwa suruali, sikuridhika. Goti la nyuma limefichwa na kitambaa, kwa hiyo programu inakisia, na mguu wangu wa kulia ulitoka mfupi kuliko wa kushoto mpaka nilipoweka alama ya goti kwa mkono. Halafu sakafu iliyokuwa imefunikwa na sketi inabidi ibuniwe. Mistari ya vigae ilivunjika katikati ya miguu. Kwa kazi hiyo sasa nachagua picha yenye ukuta mtupu nyuma, au picha ambayo upepo umeshaibana sketi miguuni na magoti yanaonekana.