Uzoefu Wangu: Kusomewa Taroti ili Kuamua Harusi Ifanyike Sasa au Baadaye

Mchumba wangu alikuwa amekwisha kutoa mahari, na pande zote mbili zilisubiri tarehe ili kamati ianze kukusanya ahadi za michango. Yeye alitaka tufanye harusi mwaka huu. Mimi niliona heri tusubiri hadi mkopo wake wa bodaboda uishe. Mazungumzo yalipokuwa yanaishia palepale, nilimlipa msomaji wa taroti, yaani karata za kutafutia mwongozo, aliyeko Nairobi, shilingi 2,500 za Kenya kwa kikao cha dakika 45 kwa njia ya video, mimi nikiwa Dar es Salaam.

Kilichonipa imani naye ni kwamba hakuanza kuchanga karata hadi swali liliponyooka. Nilipomwambia kuwa tunachagua kati ya kufanya sasa na kusubiri hali iwe nzuri, aliniuliza, "Dada, hali nzuri ni lini?" Alieleza kuwa njia yenye tarehe haiwezi kulinganishwa na njia isiyo na mwisho, kwa sababu karata za upande wa kusubiri zitabeba maana yoyote utakayozipa. Tukakubaliana kuwa "sasa" ni Desemba hii, na "kusubiri" ni Desemba ya mwaka ujao. Alisema pia mapema kwamba karata itakayotoka kichwa chini ataigeuza na kuisoma wima, na kwamba hataongeza karata nyingine iwapo sitapenda zilizotoka. Naliona sharti hilo la mwisho kuwa la lazima, kwani anayeongeza karata hadi apate jibu analolitaka amekwisha kuamua.

Mpangilio wenyewe una karata 7: safu ya kushoto ni ya kufanya sasa, ya kulia ni ya kusubiri, na kila safu ina karata 3, yaani njia hiyo inakupa nini, inakudai nini na inakufikisha wapi. Karata ya saba hukaa chini, katikati, kuonyesha kile ambacho safu zote mbili zimekiacha. Alitumia karata za Rider-Waite, zilizotoka mwaka 1909, ambazo mchoraji wake, Pamela Colman Smith, alichora watu na matukio hata kwenye karata ndogo za namba, kwa hiyo hata mimi nisiyezijua niliweza kuona kinachosemwa.

Upande wa sasa ulifunguka kwa Fimbo Nne, karata ya sherehe, yenye shada la maua lililotundikwa juu ya fimbo. Kilichodaiwa kilikuwa Sarafu Sita: tajiri mwenye mizani mkononi anawadondoshea sarafu watu wawili waliopiga magoti. Hapo nilinyamaza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu michango ya wajomba kana kwamba ni fedha zetu, ilhali anayechanga kikubwa ndiye atakayetaka kuchagua ukumbi na idadi ya wageni. Mwisho wa safu ulikuwa Fimbo Kumi, mtu aliyeinama chini ya mzigo unaomziba macho, na msomaji aliuhusisha na madeni ya baada ya harusi.

Upande wa kusubiri ulitoa Sarafu Saba, mkulima aliyeegemea jembe akitazama mazao yake, na ukadai Mtu Aliyening'inizwa, yaani kukaa bila kusonga kwa hiari. Karata iliyofuata ndiyo iliyonigusa zaidi: Sarafu Nne, mtu aliyekumbatia sarafu moja, nyingine kichwani, mbili chini ya nyayo, asiyeweza kuinuka bila kuziachia. Msomaji alisema kwamba anayesubiri fedha zitoshe anaweza kuzipata na bado akaona hazitoshi.

Ya saba ilikuwa Vikombe Viwili: mume na mke wanapeana vikombe, wala hakuna mgeni pembeni. Aliuliza kama ndoa na sherehe ni lazima ziwe siku moja. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla, na panahitajika mashahidi wasiopungua wawili. Ukumbi na mpambaji havimo.

Upungufu niliouona ni mmoja, nao ni mkubwa. Mpangilio huu hauna nafasi ya mwenzi, hivyo karata zote zilisoma hofu zangu, na mchumba wangu alipotumiwa picha alizisoma tofauti, hasa Mtu Aliyening'inizwa, aliyedhani ni yeye. Ningependa huduma hii iwatake wote wawili wawepo, kila mmoja akate karata za safu anayoitetea. Karata haziujui mkopo wala mshahara, kwa hiyo hesabu tuliifanya wenyewe jioni ile, na tukakubaliana kwenda kwa paroko kuuliza tarehe ya ndoa peke yake, huku kamati ikiambiwa isubiri.