Uzoefu wangu na OCRmyPDF: kurasa 214 za mihtasari ya taipu, na neno moja lililogeuza maana ya azimio

Chama chetu cha kuweka na kukopa kina mihtasari ya vikao vya kuanzia 1984 hadi 1993, karibu yote imepigwa kwa taipu, na nyingi kati ya kurasa hizo ni nakala za kaboni. Mimi ndiye katibu, na ndiye niliyezipeleka steshenari zikaskaniwe kabla mchwa hawajazimaliza. Nikarudi na faili moja la PDF lenye kurasa 214. Wiki hiyohiyo mweka hazina wetu wa zamani akanipigia simu.

"Mwanangu, hebu nitafutie humo mwaka tulionunua kile kiwanja cha ofisi. Nadhani ilikuwa 1989."

"Shikamoo mzee. Nipe dakika tano tu," nikamjibu.

Dakika tano zile zilikuwa wiki tatu, na ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu nimeona watu wengi wakiamini kwamba PDF ikishakubali kutafutwa kazi imekwisha.

Faili la steshenari lilikuwa picha tupu. Ukilifungua unasoma vizuri, lakini ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta hupati kitu, maana kwa kompyuta ukurasa ule hauna tofauti na picha ya harusi. Ndipo nikaamua kutumia OCRmyPDF, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri. Yenyewe haisomi herufi. Kazi hiyo inaifanya Tesseract, injini iliyoanzia kampuni ya HP miaka ya 1980 na kuachiwa huru 2005. OCRmyPDF huchukua kila ukurasa, humpa Tesseract asome, kisha hupanga maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha, kila neno mahali pake. Unachokiona bado ni karatasi yako ya zamani pamoja na mihuri yake. Unachokitafuta ni yale maandishi yaliyofichwa.

Kwenye Ubuntu nilisakinisha pamoja na data ya Kiswahili, kisha nikaendesha amri ya pili:

```
sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa
ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages --sidecar maandishi.txt vikao.pdf vikao_ocr.pdf
```

Usiisahau hiyo `-l swa`. Usipotaja lugha, programu hudhani ni Kiingereza, na Tesseract ya siku hizi haitazami umbo la herufi peke yake. Huvutwa pia na mifuatano ya herufi iliyojifunza. Nilipoijaribu kwa Kiingereza kitupu, "hata" ilikuwa "hate" na "mali" ikawa "mall". Niliongeza `eng` kwa sababu vichwa vya baadhi ya kurasa viko kwa Kiingereza. `--deskew` hunyoosha ukurasa uliopinda, `--rotate-pages` hugeuza uliolala, na `--sidecar` hukupa maandishi matupu kwenye faili la pembeni. Faili hilo la pembeni ndilo litakalokusaidia kupima.

Kompyuta yangu ndogo ilimaliza kurasa zote kwa dakika kumi na moja hivi. Nikatafuta "kiwanja", nikapata. Nikatafuta "1989", sikupata hata moja. Muongo mzima wa vikao, halafu mwaka 1989 haumo kabisa? Hapo nikajua kuna tatizo, nikaacha kuamini macho yangu na kuanza kuhesabu.

Njia ya kupima si ngumu, inadai uvumilivu tu. Nilichagua kurasa tano: mbili safi, mbili za kaboni, moja yenye mhuri katikati. Nikazichapa mwenyewe herufi kwa herufi, makosa ya mpiga chapa yakiwemo, kwa sababu tunapima kama kompyuta imesoma kilichoandikwa, hata kama mwandishi wa zamani alikosea tahajia. Kisha nikatoa ukurasa uleule kutoka kwenye PDF, kwa mfano wa 37, na kuulinganisha na `sahihi.txt` niliyoichapa, kwa jiwer, maktaba ya Python ya kuhesabu makosa ambayo husakinishwa peke yake:

```
pdftotext -f 37 -l 37 vikao_ocr.pdf kompyuta.txt
```

```python
import jiwer
def soma(f):
    t = open(f, encoding="utf-8").read()
    return " ".join(t.replace("’", "'").split())
a, b = soma("sahihi.txt"), soma("kompyuta.txt")
print(jiwer.cer(a, b), jiwer.wer(a, b))
```

Namba ya kwanza ni kiwango cha makosa ya herufi: herufi ngapi zibadilishwe, zifutwe au ziongezwe ili maandishi ya kompyuta yalingane na yako, ukigawa kwa idadi ya herufi zako. Ya pili ni hesabu hiyohiyo kwa maneno. Huo mstari unaobadilisha alama ya mkato wa juu niliuongeza baada ya kuona kila "ng'ombe" na "ng'ambo" ikihesabiwa kosa: mimi nilichapa alama iliyonyooka, Tesseract akatoa iliyopinda. Hilo halikuwa kosa la usomaji.

Ukurasa wa 37, nakala ya kaboni, una herufi 1,840. Makosa yalikuwa 171, yaani asilimia 9.3. Nikaangalia picha zenyewe kwa `pdfimages -list vikao.pdf` na safu ya `x-ppi` ikaniambia 150. Steshenari walikuwa wameskani kwa nukta 150 kwa inchi, tena kwa nyeusi na nyeupe tupu. Kwa kaboni iliyofifia hilo ni balaa: skana hulazimika kuamua kila nukta ni nyeusi au nyeupe, na mkono mwembamba wa herufi hutoweka papo hapo. Ukishatoweka, hakuna programu itakayourudisha. Nilirudi na makaratasi, nikaomba 300 na rangi ya kijivu, nikalipa mara ya pili. Ukurasa uleule, amri ileile: makosa 41, asilimia 2.2. Hakuna swichi yoyote ya programu iliyonipa hata nusu ya faida hiyo.

Asilimia 97.8 ya herufi ni sahihi. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini ukurasa huo una maneno 290, na yale makosa 41 yalikuwa yametawanyika kwenye maneno 33. Maana yake katika kila maneno tisa, karibu moja lina kasoro, na anayetafuta hutafuta maneno, hatafuti herufi. Kwa hiyo nikaongeza kipimo changu, na leo nakiamini kuliko vile viwili vya kwanza. Nilichukua kurasa kumi, nikahesabu kwa macho na kalamu neno "mkopo" limetokea mara ngapi. Mara 46. Kisanduku cha kutafuta kilionyesha 40. Nikawafuata wale sita waliopotea mmoja mmoja. Watatu walikatwa mwisho wa mstari, "mko-" huku na "po" kule. Wawili walikuwa chini ya mhuri wa chama. Mmoja alisomwa "mkcpo", kwa kuwa "o" ya kaboni ilikuwa imevunjika upande wa kulia. Watatu wa kwanza hawakuwa wamesomwa vibaya hata kidogo, ila hawatafutiki hivyo. Siku hizi nikitafuta neno muhimu natafuta pia kipande chake.

Na 1989? Taipu nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Mpiga chapa alitumia "l" ndogo. Kwa hiyo kwenye karatasi imeandikwa kweli "l989", na Tesseract mara nyingine aliisoma hivyohivyo, mara nyingine akaiandika kwa "I" kubwa. Hakukosea; aliandika alichokiona. Sifuri nayo ilichapwa kama "O" hapa na pale. Niliipata miaka yangu yote kwa amri hii kwenye faili la pembeni:

```
grep -nE "[1lI]9[89][0-9O]" maandishi.txt
```

Ikatoka mistari mingi. Kikao cha kununua kiwanja kilikuwa humo, Agosti l989. Mzee alikuwa sahihi.

Sasa lile neno nililolitaja kwenye kichwa. Katika maazimio ya ukurasa wa 112 faili la pembeni lilisema wakopaji watatu "walipa deni lote". Nikalipita. Nilipolinganisha na picha, karatasi inasema "walipe". Jicho la "e" lilijaa wino wa kaboni, likasomwa "a". Herufi moja kati ya maelfu, na azimio la kuwataka watu walipe limegeuka habari kwamba wamelipa. Kikagua tahajia hakiwezi kulinasa, kwa kuwa maneno yote mawili ni Kiswahili safi. Lugha yetu hubeba nafsi, wakati na hali ndani ya herufi moja moja, kwa hiyo kosa dogo la herufi mara nyingi halizai upuuzi unaoonekana. Huzaa neno jingine lililo halali. Kwenye vitabu vya chapa, ambako herufi hubanana, wa kuchungwa ni "ni" na "m": "ninakubali" ikawa "mnakubali".

Tarakimu ni hatari zaidi, kwa sababu hazina hata sarufi ya kuzishuku. Bei ya kiwanja ilisomwa 35,000. Kwenye picha ni 85,000. Tangu hapo kila kiasi cha fedha nakisoma kwenye picha, sikinakili kutoka kwenye maandishi yaliyofichwa.

Malalamiko yangu makubwa kwa OCRmyPDF ni kwamba haina sehemu ya kusahihisha. Nikirekebisha "walipa" kwenye faili la pembeni, PDF inabaki na kosa lake. Nimeamua kuweka mafaili mawili: PDF ya kutazama, na faili la maandishi lililosahihishwa, ambamo nimeandika namba ya ukurasa juu ya kila ukurasa. Pia haifai kwa mwandiko wa mkono. Kurasa tisa za mwisho ziliandikwa kwa kalamu baada ya taipu kuharibika, na kilichotoka ni mchanganyiko wa alama usiosomeka. Nilizichapa mwenyewe kwa jioni mbili.

Kwa makaratasi ya taipu na chapa ya Kiswahili nitaitumia tena bila kusita. Nilimchapishia mzee zile kurasa mbili za Agosti, picha zenyewe, nikampelekea nyumbani. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye 85,000, akasema, "Ndiyo hiyo. Na elfu tano tuliziazima kwa imamu." Nikageuza ukurasa wa pili, na kweli zimo, ingawa kompyuta ilikuwa imeandika "elfu tana".