Uzoefu wangu na Tesseract: kutoa namba za simu kwenye kadi za biashara

Nina steshenari hapa Dodoma. Wateja huniletea mafungu ya kadi walizokusanya Nzuguni wakati wa Nane Nane, au Kibaigwa kwenye soko la mahindi, wakitaka namba zote ziingie kwenye simu zao. Kazi hiyo naifanya kwa Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye picha, ambayo haihitaji intaneti. Kwa maneno naiamini. Kwa namba naiamini kwa masharti, maana jina likikosewa herufi moja bado linasomeka, lakini namba ikikosewa tarakimu moja unampigia mtu mwingine kabisa.

Kadi za kawaida nazipitisha kwenye skana kwa 300 dpi. Zile zinazong'aa nazipiga picha kando ya dirisha bila kuwasha flashi, kwa sababu mng'ao ukiangukia namba hufuta tarakimu nzima. Kisha naisoma kadi yote:

```
tesseract kadi.png stdout --psm 6
```

Chukua kadi ya msaga alizeti mmoja. Tarakimu tatu za mwisho nimezificha. Iliyochapwa ni `+255 (0) 754 318 xxx`, programu ikanipa `4255 (O) 7S4 3l8 xxx`. Alama ya kujumlisha imegeuka 4, sifuri imekuwa herufi O, tano imekuwa S, na moja imekuwa l ndogo. Makosa haya hujirudia kila siku, kwa hiyo dawa yake ni moja. Mistari ya simu tu naihamishia kwenye faili lake, halafu:

```
sed 'y/OoIlSB/001158/' namba.txt
```

Usiipitishe amri hiyo kwenye kadi nzima, itaharibu majina na barua pepe. Baada ya hapo naondoa nafasi na mabano, nakata chochote kilicho kabla ya 255, na sifuri inayofuata 255 naitoa. Baada ya 255 zinapaswa kubaki tarakimu tisa. Namba ya mkononi itaanza na 6 au 7, ya mezani ya huku kwetu itaanza na 26. Zikizidi tisa, mara nyingi ni kialama cha simu kilichochorwa pembeni kimesomwa kama tarakimu, au namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju zimeungana. Zikipungua, narudi kwenye picha.

Hesabu ya tisa peke yake haitoshi, hasa kwenye ankara na risiti zilizoskaniwa. TIN nayo ina tarakimu tisa. Ukikusanya kila chenye tarakimu tisa utajaza orodha ya mteja namba za walipakodi, na hakuna hata moja itakayoita. Ndiyo maana naangalia mwanzo wa namba, na pia neno lililo mbele yake kwenye mstari.

Wengi hushauri kuilazimisha programu itoe tarakimu tu. Ushauri ni mzuri, ila una mahali pake. Ukiufanya kwenye kadi nzima, hata jina la mtu litageuzwa tarakimu, kwa sababu programu imenyimwa herufi. Mimi nakata kipande cha mstari wa simu peke yake, nakikuza mara mbili, ndipo naisoma hivi:

```
tesseract mstari.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist=0123456789+
```

Usomaji huu wa pili una faida kubwa kuliko kusafisha tu. Kwenye kadi ile ile ya alizeti ulinipa 0754 818 badala ya 0754 318. Zote mbili zina urefu sahihi na mwanzo sahihi, na namba ya simu haina tarakimu ya ukaguzi ya kukuambia ipi ya kweli. Usomaji mmoja ungepita bila mtu kushtuka. Kwa hiyo kila kadi naisoma kwa njia zote mbili, na panapotofautiana naangalia kwa jicho. Nilipokuza picha nikaona wino umevimba, lakini upande wa kushoto wa tarakimu ulikuwa bado wazi, kwa hiyo ni 3. Nane ingekuwa imefunga. Jozi nyingine ya kuangalia hivyo ni 1 na 7.

Jicho likishindwa, namwambia mteja aanze kutuma pesa kwa simu kwenda namba hiyo: jina la mpokeaji hutokea kabla ya namba ya siri, analilinganisha na la kwenye kadi, kisha anaghairi.

Namba zilizoongezwa kwa kalamu nyuma ya kadi sizipeleki kwenye Tesseract kabisa. Imefundishwa maandishi ya kuchapwa, na mwandiko wa mkono huutolea vitu visivyo na kichwa wala miguu. Hizo nazichapa mwenyewe, mteja akiwa pembeni ananisomea.