Uzoefu wangu: huduma ya kusomewa picha ya hati ya mshahara kwa Kiarabu, Saudia

Huduma hii huendeshwa na karani wa hesabu kupitia WhatsApp. Unampigia picha hati yako ya mshahara, naye anakuandikia maelezo kwa Kiarabu, mstari kwa mstari. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili na kuchukua hela ya Saudia, Kiarabu ndicho cha kung'ang'ania. Mkataba ukiwa na lugha mbili, sheria ya kazi inafuata maandishi ya Kiarabu, na muhasibu wa kampuni hatakaa kusoma maelezo ya Kiswahili. Maelezo ya Kiarabu unamwekea mezani, anajibu.

Ubora wa jibu unaanzia kwenye picha. Tandika hati juu ya meza, zima flashi, na hakikisha kona zote nne zinaonekana pamoja na jina la mwezi. Hati nyingi zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na sifuri yake ni nukta tu: picha ikififia, ٤٠٠ inasomeka kama ٤٠. Mbili (٢) na tatu (٣) nazo zinachanganyika haraka. Funika namba ya ikama, yaani kibali cha ukaazi, na ya akaunti ya benki, hazihitajiki. Halafu ongeza picha ya ukurasa wa mkataba wenye mshahara. Hati inaonyesha ulicholipwa. Ulichostahili kiko kwenye mkataba.

Chukua hati hii ya mlinzi. Ratib asasi, yaani mshahara wa msingi, riyali 2,000. Badal sakan, posho ya nyumba, 500. Badal naql, posho ya usafiri, 200. Jumla 2,700. Amefanya saa 30 za ziada, amelipwa 375. Makato: siku moja ya kutokuja 90, mkopo wa kampuni 400, ikama 150. Mkononi kimebaki 2,435.

Ukijumlisha, hesabu inakaa sawa, na hapo ndipo wengi wanapoachia. Karani mzuri haishii kwenye kujumlisha. Siku ya kutokuja ni halali: 2,700 gawa kwa 30 ni 90. Saa za ziada zimepunjwa, kwa sababu kampuni imechukua mshahara wa msingi pekee ikazidisha kwa moja na nusu, ikapata 12.50 kwa saa. Kifungu cha 107 cha sheria ya kazi kinataka saa ya mshahara wote, kisha juu yake nusu ya saa ya mshahara wa msingi. Saa ya mshahara wote ni 2,700 gawa kwa saa 240, yaani siku 30 za saa 8, inatoka 11.25. Nusu ya saa ya msingi ni kama 4.17. Kwa saa 30 inatoka 462.50, kwa hiyo zimebaki 87.50 hazijalipwa.

Ikama ndiyo iliyonikera zaidi, maana kifungu cha 40 kinamtwika mwajiri ada za ikama, kibali cha kazi na kuvihuisha. Hizo 150 zirudi. Mkopo ni habari nyingine: bila idhini ya maandishi, kampuni inakata mwisho asilimia 10 ya mshahara, hapa 270. Kama ulitia saini kukubali 400, mambo yanabadilika, kwa hiyo itafute karatasi hiyo kwanza. Na hata usipokuwa na saini, zile 130 zilizozidi si hasara, zimepunguza deni mapema. Hasara halisi ya mwezi huo ni 237.50. Dai hiyo, usidai zaidi, maana ukichanganya na 130 muhasibu atakushika hapo hapo.

Kuna makato mengine ya kutazama. Mgeni hakatwi mchango wa pensheni wa GOSI, shirika la bima ya jamii la Saudia. Asilimia 2 ya bima ya ajali kazini inalipwa na mwajiri. Ukiuona mstari wa GOSI upande wa makato yako, uliza.

Dosari za huduma zipo. Usipotaja, utapewa tafsiri ya mistari tu bila hesabu, kwa hiyo andika wazi kwamba unataka kila tarakimu ihesabiwe na namba ya kifungu itajwe. Usikubali ujumbe wa sauti: huwezi kumwonyesha mtu, na lahaja ya Najd ikienda mbio tarakimu zinapotea. Tena haiwafai wafanyakazi wa nyumbani wala madereva wa familia, kwani wao wana kanuni zao na kifungu cha 107 hakiwagusi.

Muhasibu akikataa, maelezo hayo hayo ya Kiarabu yanapelekwa kwenye taswiya wudiya, usuluhishi wa Wizara ya Rasilimali Watu, unaofunguliwa mtandaoni. Ambatanisha hati, mkataba na ujumbe wa benki wa siku mshahara ulipoingia.